ABC ya kiwanda kidogo Mombasa: gharama ipi ni ya chupa, ipi ya pishi, ipi ya bidhaa na ipi ya kiwanda

Viwanda vidogo vingi hapa pwani, ukiuliza bei ya bidhaa imepatikana vipi, utaambiwa tumejumlisha gharama zote tukagawanya kwa idadi tuliyotoa. Kwa malighafi hesabu hio haina shida. Shida inaanza kwa zile gharama zingine, kodi ya godauni, maji ya boza, kuosha mitambo, vibali, mshahara wa msimamizi, manake zote zinatiwa kapu moja zikagawanywa kwa chupa kana kwamba zote zinazaliwa na chupa, na ukweli ni kuwa nyingi hazina habari na chupa hata kidogo. Unaweza kutoa chupa moja au mia tisa kwenye sufuria lile lile na kazi ya kuliosha ikabaki ile ile.

Hapa ndo ABC inapoingia, activity-based costing, yaani kuhesabu gharama kwa kufuata shughuli. Robin Cooper na Robert Kaplan waliokuwa Harvard ndo walioipigia debe miaka ya 1980 kwenda 1990, na katika kazi hio Cooper akazipanga shughuli kwa ngazi nne: za kila kipande, za kila mkupuo, ambao kwetu hapa ni pishi moja, za kuifanya bidhaa iendelee kuwepo, na za kukiweka kiwanda kizima wazi. Aliosoma CPA amezikariri ngazi hizi kwa mtihani, lakini kuzipanga gharama halisi za kiwanda halisi ni kitu kingine, na ndo nataka tufanye hapa mwanzo mpaka mwisho.

Tuchukue kiwanda kidogo cha achari Changamwe. Nambari nimezifanya za mviringo ili zifuatike, sio vitabu vya mtu. Kwa robo moja ya mwaka, yaani miezi mitatu, kimetoa bidhaa tatu:

Achari ya embe chupa 18,000, kwa mapishi 20, kila pishi chupa 900.
Pilipili ya kusaga chupa 10,000, mapishi 20, kila pishi chupa 500.
Achari ya ndimu chupa 2,000, mapishi 10, kila pishi chupa 200. Hii ndimu ni ya mahoteli, inapikwa kidogo kidogo kila oda ikiingia.

Kwa hivo jumla ni chupa 30,000 na mapishi 50. Malighafi, chupa yenyewe na malipo ya wanaojaza, ambao wanalipwa kwa chupa, ni shilingi 85 kwa embe, 80 kwa pilipili na 95 kwa ndimu. Bei ya kuuza ni 130, 135 na 170. Ovahedi, yaani zile gharama zingine zote nilizotaja mwanzo, kwa robo ni shilingi 1,200,000.

Ukigawanya kizamani, 1,200,000 kwa chupa 30,000 ni shilingi 40 kila chupa. Embe inabaki na faida ya 5, pilipili 15, ndimu 35. Mwenye kiwanda akiona hivo atasema embe inatupotezea wakati tuongeze ndimu. Shika hio picha tutairudia chini, utaona ilivyopinduka.

Hatua ya 1: andika kazi, sio majina ya akaunti

Ukifungua leja utakuta "maji", "umeme", "mishahara", "matengenezo". Majina hayo yanakwambia nani alilipwa, hayakwambii pesa ilifanya kazi gani. Kwa hivo chukua leja, stetimenti ya M-Pesa na risiti za robo nzima, na kila mstari uuandike upya kwa kitenzi: kuosha chupa, kuosha sufuria na mashine ya kujaza, kwenda Kongowea kuchagua ndimu, kupima pH ya pishi, kuomba kibali, kulinda godauni usiku. Ukishindwa kuandika kitenzi juu ya gharama fulani ujue bado hujaielewa, nenda kamuulize aliyeko sakafuni, sio aliyeko ofisini.

Na usiende ndani sana. Kiwanda cha watu kumi na kitu kikitoa orodha ya shughuli sabini utaiacha mwezi wa pili. Kwa size hii shughuli kumi na mbili mpaka kumi na tano zinatosha sana.

Hatua ya 2: uliza swali moja tu kwa kila kazi

Swali lenyewe: ni kitu gani kikirudiwa, gharama hii nayo inarudi?

Ikirudi kila chupa moja inapoongezeka, ni ya ngazi ya chupa. Ikirudi kila pishi linapoanza, hata liwe la chupa kiasi gani, ni ya pishi. Ikiwa iko kwa sababu bidhaa hio iko kwenye orodha yako, hata usipike hata mara moja mwezi huu, ni ya bidhaa. Na ikiwa ingelipwa hata ungebadilisha bidhaa zote tatu ukaanza kutengeneza jemu, hio ni ya kiwanda.

Kosa linalokuja haraka ni kuiweka shughuli kwenye ngazi kwa jina lake. Chukua upimaji. Kijana anayekagua kila kifuniko kimeshika sawa kabla chupa haijaingia katoni, huo ni upimaji wa ngazi ya chupa. Kupima pH ya sufuria kabla ya kujaza, ambayo lazima iwe chini ya 4.6 ili wale bakteria wa sumu ya botulini wasipate nafasi ndani ya chupa, huo ni wa pishi, unapima sufuria mara moja iwe utajaza 200 au 900. Na ile sampuli ya achari ya ndimu inayopelekwa maabara kwa ajili ya kibali cha alama ya ubora cha KEBS ni ya bidhaa, kwa sababu kibali kinatolewa kwa bidhaa sio kwa jengo, ukiwa na achari tatu una safari tatu. Kazi tatu zote zinaitwa "kupima" na zinakaa ngazi tatu tofauti. Kwenye vitabu vya kiwanda zote zilikuwa mstari mmoja, "ubora".

Leseni ya biashara ya kaunti kwa upande mwingine ni ya kiwanda, haijali unauza achari ngapi. Watu wanaziweka leseni na vibali pamoja kwa sababu zote ni karatasi za serikali zinabandikwa ukuta mmoja, lakini moja ukiacha ndimu inaondoka na nyingine haiondoki.

Kuna gharama ambazo hazitaingia popote katika ngazi nne, usizilazimishe. Gari la kupeleka oda hoteli ya Diani likipanga foleni Likoni kusubiri feri, dereva analipwa, mafuta yanachomeka, hio gharama imezaliwa na mteja, sio na chupa wala pishi. Iweke pembeni kwa jina la mteja. Kwenye mfano wetu wateja wanakuja kuchukua wenyewe mlangoni kwa hivo hatutaigusa.

Hatua ya 3: pasua bili zilizochanganyika

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na ndo watu wengi wanaruka. Bili moja mara nyingi imebeba ngazi tatu ndani yake.

Tuchukue maji. Maji ya bomba yakikatika, na Mombasa yanakatika, kiwanda kinanunua boza. Robo hii ziliingia boza 12 za lita 10,000, kila moja shilingi 10,000, kwa hivo lita moja ni shilingi moja na bili nzima 120,000. Sasa maji yalienda wapi? Hutahitaji mita tatu. Osha chupa 100 mbele ya macho yako kwa maji uliyoyapima kwenye pipa: zikatumia lita 180, yaani lita 1.8 kila chupa, kwa chupa 30,000 ni lita 54,000. Halafu simama siku ya kuosha sufuria na mashine ya kujaza baada ya pishi, hesabu tenki limeshuka kiasi gani: kama lita 1,000, kwa mapishi 50 ni lita 50,000. Zilizobaki 16,000 ni vyoo, kupiga deki na kunawa mikono. Basi 54,000 ya chupa, 50,000 ya pishi, 16,000 ya kiwanda, na bili imepasuka kwa asubuhi mbili za kupima. Nambari hizo haziko sawa mpaka lita ya mwisho na hazihitaji kuwa, kosa la asilimia tano hapa halibadilishi uamuzi wowote, lakini kuitia bili yote kwa chupa kunabadilisha.

Msimamizi ni vivyo hivyo. Analipwa 50,000 kwa mwezi, 150,000 kwa robo. Usimuulize "wakati wako unaugawanyaje" kwa sababu atakupa asilimia mia moja iliyopangika vizuri na hakuna hata dakika moja ya kukaa. Muulize jana ulifanya nini, na juzi, na Ijumaa. Ikaonekana kama theluthi moja ya muda wake ni kupanga mapishi, kupima viungo na kukagua mitambo kabla ya kuwasha, kwa hivo 50,000 ikaenda kwa pishi na 100,000 iliobaki ikakaa kwa kiwanda. Umeme pia, mashine ya kujaza na kufunga vifuniko ni ya chupa, taa za nje na feni ya ofisi ni ya kiwanda, hapo soma bamba la wati kwenye mashine uzidishe na masaa inayofanya kazi.

Na kitu kilicholipwa mara moja kikahudumia mwaka mzima, kama ada ya kibali, kigawe kwa robo nne. Usipogawa, robo uliolipa bidhaa itaonekana mgonjwa na robo inayofuata imepona bila dawa.

Mwisho wa hatua hii kila mstari uwe na ngazi yake. Kwenye shiti weka kiasi safu ya D na ngazi safu ya E, halafu kujumlisha ni hivi:

```
=SUMIFS(D:D,E:E,"PISHI")
```

Kwa kiwanda chetu ilitoka hivi. Chupa ni 180,000, yaani umeme wa mashine 66,000, maji ya kuosha chupa 54,000, na matengenezo ya mashine yanayofuata masaa ya kujaza 60,000. Pishi ni 400,000, ambapo mishahara ya wanaoosha na kuandaa mitambo pamoja na ile theluthi ya msimamizi ni 250,000, na vitu vya kununua, sabuni, maji, vipimo, safari ya Kongowea, ni 150,000. Bidhaa ni 240,000. Kiwanda ni 380,000: kodi 165,000, msimamizi 100,000, askari 66,000, leseni, bima na umeme wa taa na feni 33,000, maji 16,000. Jumlisha, inarudi 1,200,000 ile ile. Isiporudi simama hapo hapo utafute, usiendelee.

Hatua ya 4: kila ngazi na kipimo chake

Ngazi ya chupa gawanya kwa chupa: 180,000 kwa 30,000 ni shilingi 6.

Ngazi ya pishi gawanya kwa mapishi: 400,000 kwa 50 ni shilingi 8,000 kila pishi. Na hii ndo nambari ambayo karibu hakuna mwenye kiwanda anayeijua, kwamba kabla chupa ya kwanza haijajaa pishi limeshakula elfu nane.

Tahadhari kidogo hapa. Shilingi 8,000 ni wastani, na wastani unaficha kitu. Ukipika embe baada ya embe kuosha ni saa moja limeisha. Ukipika pilipili halafu uje na ndimu, harufu na mafuta ya pilipili yanajificha kwenye mipira ya mashine ya kujaza, inabidi ifunguliwe, mipira itolewe moja moja, iloweshwe, inuswe, ioshwe tena, na hapo masaa matatu yanaenda. Ukiona tofauti kubwa hivo usihesabu idadi ya mapishi, hesabu masaa ya kuosha, gharama za kuosha ugawanye kwa masaa halafu kila pishi lipewe masaa yake. Kwa leo tunabaki na 8,000 ili tusipotee njia, lakini ujue pilipili inabebwa kidogo na wenzake hapo.

Ngazi ya bidhaa usigawanye kwa kitu chochote. Zitafute risiti na uzipeleke moja kwa moja kwa bidhaa husika: embe 60,000, pilipili 70,000, ndimu 110,000. Ndimu imekula nyingi kwa sababu hoteli zilitaka chumvi ipungue, ikabidi wajaribu resipe mpya na kuchapisha lebo nyingine, hio peke yake ilikula 65,000. Kugawanya 240,000 kwa tatu ni uvivu tu, manake risiti zina majina.

Ngazi ya kiwanda iache ilivyo. Ndio, isigawanywe, nitaeleza.

Hatua ya 5: panga hesabu kwa ngazi

Sasa usirudi kutafuta "gharama ya chupa moja". Chukua mauzo yote ya kila bidhaa ushuke ngazi moja moja, na kila ngazi uone kilichobaki.

| | Embe | Pilipili | Ndimu |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 2,340,000 | 1,350,000 | 340,000 |
| Malighafi na malipo ya kujaza | 1,530,000 | 800,000 | 190,000 |
| Ovahedi za chupa | 108,000 | 60,000 | 12,000 |
| Kimebaki baada ya chupa | 702,000 | 490,000 | 138,000 |
| Gharama za pishi | 160,000 | 160,000 | 80,000 |
| Kimebaki baada ya pishi | 542,000 | 330,000 | 58,000 |
| Gharama za bidhaa | 60,000 | 70,000 | 110,000 |
| Kimebaki baada ya bidhaa | 482,000 | 260,000 | hasara 52,000 |

Zote tatu pamoja zimebakisha 690,000, toa 380,000 za kiwanda, faida ni 310,000. Faida ya jumla ni ile ile ya hesabu ya kizamani, unaweza kupiga mwenyewe, embe 5 mara 18,000 na kuendelea. Kilichobadilika ni nani ameileta. Embe iliyokuwa inatukanwa kwa shilingi 5 zake ndo inalipa kodi ya godauni, na ndimu ya shilingi 35 robo hii imekula pesa za wenzake.

Hatua ya 6: soma kila ngazi kwa uamuzi wake

Ukishaona hasara 52,000 mkono unawasha kufuta ndimu. Tulia kwanza, uangalie imeanguka kwenye ngazi gani, manake kila ngazi ina dawa yake.

Baada ya chupa ndimu iko vizuri, 138,000. Bei yake na malighafi yake hazina ubaya, kwa hivo kupigana na muuzaji wa ndimu akupunguzie shilingi mbili sio kazi ya kwanza. Imeanza kuchoka kwenye pishi, mapishi 10 kwa chupa 2,000 tu. Halafu imeanguka kwenye bidhaa, na humo 65,000 ni resipe na lebo mpya ambazo hazitarudi robo ijayo. Zilizobaki za kawaida ni 45,000. Kwa hivo robo ijayo, bila kufanya lolote, ndimu inatoka na 58,000 toa 45,000, yaani 13,000 juu ya mstari. Ndogo, lakini si hasara.

Sasa tuseme umekaza kichwa umeifuta. Unapoteza 138,000 zilizokuwa zinabaki. Unaokoa 45,000 za bidhaa. Za pishi unaokoa nini? Ule 8,000 ndani yake 3,000 ni vitu vya kununua na 5,000 ni mishahara ya watu wanaolipwa kwa mwezi. Mapishi 10 yakiondoka vitu vya 30,000 havitanunuliwa, lakini 50,000 ya mishahara itaendelea kulipwa kama kawaida labda umpunguze mtu au umpe kazi nyingine ya kuingiza pesa. Kwa hivo umeokoa 75,000 umepoteza 138,000, umejirudisha nyuma 63,000. Na ile 380,000 ya kiwanda haijapungua hata shilingi, askari haulizi ndimu imeenda wapi.

Hapa pana jambo ambalo ABC inalaumiwa nalo na lawama nyingine ni ya haki: viwango vyake vinaonyesha rasilimali zimetumika kiasi gani, havionyeshi moja kwa moja pesa itapungua kiasi gani. Ukipunguza mapishi unapata masaa ya watu, hujapata pesa bado. Pesa inakuja ukiyafanyia kitu masaa hayo. Kila ukiandika "tutaokoa" kwenye karatasi, uandike pembeni ni nani au ni nini hakitalipwa tena, ukikosa jibu basi huo sio uokoaji.

Dawa ya ndimu iko kwenye pishi. Ukipika 400 badala ya 200, mapishi yanakuwa 5, kwa hesabu umepunguza 40,000, na mkononi papo hapo 15,000 na nafasi ya mapishi matano. Ila chupa zitakaa stoo zaidi, angalia tarehe ya mwisho kwenye lebo na hoteli zinataka ibaki miezi mingapi zinapopokea.

Kitu kingine ni oda ndogo. Hoteli ikipiga simu inataka chupa 100, jibu lake linatoka hapa. Kila chupa ya ndimu inabakisha 170 toa 95 toa 6, yaani 69. Gawanya 8,000 kwa 69 unapata 116. Oda ya peke yake iliyo chini ya chupa 116 haijalipa hata sufuria lake, na ile ya 100 inakupiga 1,100. Kwa hivo weka kiwango cha chini cha oda, tuseme 120, au mwambie mteja oda ndogo ina ada ya maandalizi, au akubali kusubiri uunganishe oda mbili pishi moja. Ukiongeza bei ya chupa kwa kila mtu unamwadhibu yule anayechukua 400 kwa kosa la anayechukua 100.

Na wiki ikiwa kavu, watu wamekaa wanasubiri kazi, mishahara inaenda tu? Hapo pishi moja la ziada linakugharimu zile 3,000 peke yake, oda ya chupa 44 inatosha kulipa. Chukua. Lakini uiandike kama oda ya wiki kavu, kwa sababu mteja akizoea bei na kiasi hicho atakuja nacho pia mwezi wa Ramadhani wakati sufuria halipoi, na hapo kila pishi dogo linafukuza pishi kubwa la embe.

Kwa nini gharama za kiwanda hazigawanywi

Wahasibu watabishana na mimi hapa, na kwa vitabu vya mwisho wa mwaka wana haki, kuthamini stoki kwa kanuni za uhasibu kunataka ovahedi za uzalishaji, pamoja na kodi ya mahali pa kuzalishia, ziingie kwenye thamani ya bidhaa. Fanya hivo kwa mkaguzi. Lakini shiti ya kuamulia isiguswe. Ukigawanya 380,000 kwa chupa 30,000 unapata kama shilingi 12.67, na nambari hio ikishakaa kwenye shiti mtu atakuja kusema tukipunguza chupa elfu moja tutaokoa elfu kumi na mbili na kitu. Hazitaokolewa. Na mbaya zaidi, ukifuta bidhaa moja mzigo wake unahamia kwa zilizobaki, nazo zinaanza kuonekana mbovu, unafuta nyingine, unaendelea hivo mpaka unabaki na godauni tupu lenye leseni. Mradi zote pamoja zinapita 380,000, kiwanda kinajilipa.

Ngazi ya kiwanda ina maswali yake mwenyewe, ya kuhama, ya kukodisha nusu ya godauni, ya zamu ya pili. Na sio ya milele. Ukiongeza bidhaa ya nne ikalazimu ukodi stoo ya pembeni kwa ajili yake peke yake, kodi ya stoo hio ni ya bidhaa, iandike huko.

Unajuaje umepanga vibaya

Angalia miezi miwili iliyo tofauti. Kama gharama umeiita ya chupa na chupa zilipanda kwa theluthi lakini gharama haikusogea, si ya chupa. Kama umeiita ya kiwanda na kila mwaka inapanda kila unapoongeza bidhaa, si ya kiwanda, na huko ndo kunajificha nyingi, manake ngazi ya kiwanda inageuka kapu la kila kitu ambacho mtu amechoka kukifuatilia. Ikipita nusu ya ovahedi zako zote, rudi ukaipasue tena kabla ya kuiamini shiti.

Halafu rudia vipimo, vile vya lita na masaa, mara moja kwa mwaka au ukibadilisha mtambo. Ukinunua mashine ya kujaza inayojiosha yenyewe, ile 8,000 imekufa siku hio, na ule 116 nao, na kiwango cha chini cha oda ulichowaambia mahoteli kinabidi kihesabiwe upya.